Kipi Kiliguswa Kwanza? Fumbo Lililomo Ndani ya Mshumaa wa Siku Moja

Tarehe 6 Mei 2010, fahirisi ya Dow Jones ya hisa za Marekani ilipanda hadi karibu 10,880, ikashuka hadi karibu 9,870, na mwisho wa siku ikafunga kwenye 10,520. Ukiongeza bei ya kufungulia, una namba nne, na kutokana na hizo kompyuta huchora mshumaa mmoja mrefu kwenye chati. Mtu anayepima mkakati wake kwa bei za zamani huletewa namba hizo nne tu kwa kila siku, naye huzichukua kana kwamba ni siku nzima.

Tuseme mkakati wake ulikuwa wa kununua bei inapoteremka. Aliagiza kununua kwenye 10,300, akaweka kikomo cha hasara kwenye 10,000 na lengo la faida kwenye 10,500. Mshumaa wa siku ile unaonyesha kwamba bei zote tatu ziliguswa: ile ya kuingilia, ile ya kikomo na ile ya lengo. Programu nyingi za kujiandikia nyumbani hukagua lengo kwanza, kwa sababu tu mwandishi alianza na mstari huo. Programu ya namna hiyo ingeandika faida ya pointi 200 na kuendelea na siku inayofuata.

Waliokuwa sokoni waliona jambo lingine. Ilipofika saa 8:42 mchana kwa saa za New York, fahirisi ilikuwa imeshapoteza zaidi ya pointi 300 tangu jana yake. Katika dakika tano zilizofuata iliporomoka pointi nyingine 600 hivi, na kufikia saa 8:47 ilikuwa kwenye shimo. Ilipofika saa 9:07 ilikuwa imerudisha sehemu kubwa ya anguko hilo la ghafla. Mnunuzi wetu aliingia kwenye 10,300 wakati bei inatumbukia, akatolewa na kikomo chake muda mfupi baadaye, na bei ilipopanda tena hadi 10,500 yeye hakuwemo. Daftari la programu linasema faida ya pointi 200. Mfuko wake ungesema hasara ya pointi 300, na pengine zaidi.

Mshumaa haukudanganya. Ulisema bei ilifika wapi, ila hauna mahali pa kuandika ni kipi kilitangulia. Mfanyabiashara anayeuliza mpangilio huo asipopewa jibu na data, atajibiwa na dhana, na mara nyingi dhana hiyo iliingia kwenye programu bila yeye kuichagua.

Dhana moja inavyogeuza matokeo

Tuchukue mfano wa kujitungia ili hesabu ionekane wazi. Mkakati mmoja unanunua euro dhidi ya dola kila unapopata ishara, mwanzoni mwa siku. Kikomo cha hasara kiko pipsi 50 chini, lengo liko pipsi 75 juu, na mtu anakaa hadi kimojawapo kiguswe, hata kama ni siku kadhaa. Jumla ya biashara ni 200. Kati ya hizo, 66 ziligusa lengo peke yake na 98 ziligusa kikomo peke yake. Zimebaki 36 ambazo zilimalizika siku ambayo lengo na kikomo vyote viwili viliguswa ndani ya mshumaa mmoja.

Ukizihesabu zote 36 kuwa za faida, una ushindi 102 na hasara 98. Ushindi unaleta pipsi 7,650, hasara zinachukua 4,900, na unabaki na faida ya pipsi 2,750. Ukizihesabu zote kuwa za hasara, ushindi ni 66 na hasara ni 134: pipsi 4,950 dhidi ya 6,700, na umepoteza 1,750. Mkakati ni uleule na data ni ileile, lakini tofauti kati ya majibu mawili ni pipsi 4,500. Yote imetoka kwenye swali moja ambalo data ya siku haiwezi kulijibu.

Wengine husema basi tugawe nusu kwa nusu, nusu zishinde na nusu zishindwe. Inasikika kama haki, lakini si haki. Kikomo kiko pipsi 50 tu kutoka mahali ulipoingilia na lengo liko pipsi 75. Bei isiyo na mwelekeo wowote hufika mapema zaidi pale palipo karibu. Kwa bei ya namna hiyo, uwezekano wa kugusa lengo kwanza ni umbali wa kikomo ugawanywe kwa jumla ya umbali wote wawili, yaani 50 kwa 125, sawa na asilimia 40. Katika biashara 200 ambazo hazina ujuzi wowote ndani yake, utarajie ushindi 80 na hasara 120. Pipsi 6,000 zinaingia na pipsi 6,000 zinatoka, kabla hata ya gharama. Mgawanyo wa nusu kwa nusu katika mfano wetu ungetoa ushindi 84 na faida ya pipsi 500, kutokana na mkakati ambao huenda hauna chochote. Yaani hata dhana inayoonekana ya katikati inaweza kuzalisha faida ambayo haijawahi kuwepo.

Pa kuanzia: hesabu siku zenye utata

Kabla ya kuchagua dhana, jua ukubwa wa tatizo lako. Kuna ukweli mmoja unaosaidia sana hapa: mshumaa hauwezi kugusa kikomo na lengo vyote viwili kama urefu wake, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ni mfupi kuliko umbali kati ya viwili hivyo. Katika mfano wetu umbali huo ni pipsi 125. Siku ambayo bei ilitembea pipsi 90 tu haina fumbo lolote. Ni siku za pipsi 125 na zaidi peke yake zinazoweza kuleta utata, na hata hizo si zote.

Kwa hiyo ongeza safu moja kwenye jedwali lako: siku ya kutoka, je, vyote viwili viliguswa? Hesabu zilizosema ndiyo. Zikiwa mbili kati ya 200, matokeo yako hayatategemea sana dhana utakayochagua. Zikiwa 36, kama hapa, asilimia 18 ya biashara zako zimeamuliwa na kitu ambacho hukukipima.

Hesabu hiyo inafichua pia mtego unaowanasa wengi wanaotafuta mipangilio bora kwa kompyuta. Kadiri unavyosogeza kikomo na lengo karibu na bei ya kuingilia, ndivyo siku zenye utata zinavyoongezeka. Programu inayokagua lengo kwanza itaona asilimia ya ushindi ikipanda kila umbali unapopungua. Ukiiambia itafute umbali mzuri kuliko wote, inaweza kukuletea mdogo mno, kwa sababu huko ndiko kosa linakotokea mara nyingi zaidi. Ukiona mkakati wa mishumaa ya siku wenye lengo dogo sana kuliko mwendo wa kawaida wa siku nzima, unashinda karibu kila mara, na mstari wa mtaji unapanda bila kuyumba, shuku mpangilio wa ukaguzi kabla ya kitu kingine chochote.

Mpangilio wa tahadhari

Dhana ya tahadhari ni rahisi kuisema: panapo shaka, kikomo cha hasara ndicho kilichotangulia. Lakini si kila kitu ndani ya mshumaa kina shaka. Bei ya kufungulia inajulikana ilikuja lini; ilikuja kabla ya nyingine zote. Kwa hiyo ndiyo ya kukaguliwa mwanzo. Kwa mtu aliyenunua na kulala na biashara yake, mpangilio unakuwa hivi:

```python
if o <= stop:
    toka = o
elif o >= lengo:
    toka = lengo
elif l <= stop:
    toka = stop - mtelezo
elif h > lengo:
    toka = lengo
```

Herufi `o` ni bei ya kufungulia, `h` ni ya juu kabisa na `l` ni ya chini kabisa. Mstari wa kwanza unahusu soko lililofunguka likiwa tayari limeruka chini ya kikomo. Hapo hutolewi kwa bei ya kikomo chako, kwa sababu bei hiyo haikuwepo sokoni asubuhi ile. Unatolewa kwa bei ya kufungulia, ambayo ni mbaya zaidi. Wengi huandika bei ya kikomo hapa na kujipunguzia hasara zao kubwa kuliko zote.

Sharti la pili ni kinyume chake: soko limefunguka juu ya lengo. Hapa hakuna utata, umetoka na faida asubuhi, na kinachotokea baadaye mchana hakikuhusu. Huenda dalali angekupa bei ya kufungulia iliyo nzuri zaidi, lakini tahadhari inakutaka uandike bei ya lengo tu. Sharti la tatu linakipa kikomo nafasi ya kwanza katika siku zote zilizobaki, na kutoa kiasi kidogo cha mtelezo, kwa sababu agizo la kikomo likishaguswa hugeuka agizo la kuuza kwa bei yoyote iliyopo.

Katika sharti la mwisho, tazama kwamba `h` inatakiwa kulizidi lengo. Kulifikia tu hakutoshi. Bei ya juu kabisa ya siku ikiwa sawasawa na lengo lako, ina maana watu wachache waliuza pale juu kabisa, nawe ulikuwa kwenye foleni pamoja na wengine. Bei ikipita lengo lako ndipo unapoweza kusema foleni ilimalizika.

Kwa anayeuza kwanza ili anunue baadaye, pindua kila kitu, kisha ongeza jambo moja. Chati za MetaTrader kwa kawaida huchorwa kwa bei unayoweza kuuzia. Yeye hutoka kwa kununua, na bei ya kununulia iko juu kidogo. Kikomo chake kinaweza kuguswa wakati chati inaonyesha bei haijafika. Kwa hiyo jumlisha tofauti hiyo ya bei mbili kwenye bei ya juu kabla ya kukagua kikomo chake, na pia kwenye bei ya chini kabla ya kukubali kwamba lengo lake limefikiwa.

Siku ya kuingia ina fumbo lake

Mpangilio huo unatosha kwa mtu aliyeingia mwanzoni mwa siku au siku zilizotangulia. Aliyeingia katikati ya siku, kama mnunuzi wetu wa 10,300, ana swali la ziada: bei ya juu na ya chini zilitokea kabla au baada ya yeye kuingia?

Jibu linategemea aliingiaje. Aliyenunua bei inaposhuka aliingia bei ikiwa njiani kwenda chini. Kama bei ya chini kabisa iko chini ya kikomo chake, hilo lilitokea baada ya kuingia, kwa kuwa bei haikuweza kufika chini kule bila kupita alipo yeye kwanza. Lakini bei ya juu huenda ilitokea asubuhi, kabla hajaingia. Kwa hiyo siku ya kuingia, ahesabu kikomo na asihesabu lengo, isipokuwa kikomo hakikuguswa na soko limefunga juu ya lengo lenyewe. Bei ya kufungia huja mwisho, na hiyo haiwezi kuwa ilitangulia.

Aliyenunua bei inapovuka juu ya kiwango fulani yuko upande wa pili. Lengo likiguswa siku hiyo, ni lazima liliguswa baada ya kuingia. Bei ya chini ndiyo yenye shaka, kwani inaweza kuwa ya asubuhi. Dhana kali ingesema alitolewa na kikomo kila bei ya chini ilipokuwa chini yake, lakini hapo ukali unaweza kupita kiasi: kama kikomo chake kiko juu ya bei ya kufungulia, kila biashara itaonekana imeshindwa, kwa sababu siku ilianzia chini ya kikomo. Kwa mkakati wa namna hii, soko lililofunga chini ya kikomo ni ushahidi wa hakika kwamba alitolewa au alikuwa ameshatoka kwa lengo. Siku nyingine zinahitaji data ndogo zaidi, na hakuna dhana itakayoziba pengo hilo vizuri.

Kikomo kinachofuata bei kina hila inayofanana. Mtu husogeza kikomo juu kwa kutumia bei ya juu kabisa ya leo, kisha hukagua kama bei ya chini ya leo imekigusa. Amejitoa karibu na kilele cha siku, jambo ambalo lingewezekana tu kama kilele kilitangulia. Njia ya tahadhari ni kukagua leo kwa kikomo kilichowekwa jana, na kukisogeza baada ya siku kufungwa.

Dhana ya tahadhari isichoweza kuona

Kuna siku ambazo hata mpangilio huu unakuwa mpole mno. Tarehe 15 Januari 2015, saa 4:30 asubuhi kwa saa za Uswisi, Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza kuacha kuilinda bei ya 1.20 ya euro dhidi ya faranga, ulinzi uliokuwepo tangu Septemba 2011. Katika dakika chache euro ilianguka chini ya 1.00. Siku ilikuwa imefunguka kwa utulivu juu kidogo ya 1.20, kwa hiyo programu yetu ingesema hakuna mruko wa asubuhi, na ingemtoa mnunuzi mwenye kikomo cha 1.1950 kwa bei hiyo ukiondoa mtelezo mdogo. Sokoni hapakuwa na mnunuzi wa kutosha kwa bei hiyo. Wapo waliotolewa mbali sana chini, na wapo waliobaki na deni kwa dalali. Mruko ulikuwa ndani ya mshumaa, mahali ambapo namba nne hazionyeshi. Kinga yake haimo kwenye mpangilio wa ukaguzi, imo kwenye kiasi cha fedha unachoweka hatarini kwa biashara moja.

Upande mwingine, kuchukulia hasara kila mara hakukupi ukweli. Kunakupa mpaka wa chini wa siku zenye utata. Ndiyo maana njia iliyo sahihi ni kupima mara mbili, mara moja kikomo kikitangulia na mara moja lengo likitangulia. Majibu yote mawili yakiwa ya faida baada ya gharama, utata hauwezi kuubomoa mkakati. Yote mawili yakiwa ya hasara, acha. Moja likiwa faida na jingine hasara, kama 2,750 na hasi 1,750 za mfano wetu, maana yake ni kwamba data ya siku haiwezi kuamua, na hupaswi kuchagua jibu unalolipenda.

Hapo tafuta data ya saa au dakika, na huihitaji kwa miaka yote. Itoshe kwa zile siku 36. Fungua kila moja, tazama kipi kilitangulia, andika. Mshumaa wa dakika unaweza nao kugusa vyote viwili wakati wa tangazo kubwa la uchumi, lakini siku kama hizo zitakuwa chache, na kwa hizo chache kihesabu kikomo kuwa kimetangulia.

Usifikiri kwamba programu iliyotengenezwa na wengine imekuondolea kazi hii. TradingView isipopewa data ndogo hukisia njia ya bei: kama bei ya kufungulia iko karibu zaidi na bei ya juu, huchukulia soko lilipanda kwanza kisha likashuka; kama iko karibu na bei ya chini, huchukulia kinyume. Ni kisio lenye mantiki, lakini ni kisio, na ndiyo sababu kuna kipengele cha `Bar Magnifier` kinachotumia mishumaa midogo. Katika MetaTrader 5, `1 minute OHLC` hutumia namba nne za kila dakika, wakati `Every tick based on real ticks` hutumia mabadiliko ya bei yaliyorekodiwa. Mkakati mmoja ukipimwa kwa njia hizo mbili ukatoa majibu yanayotofautiana sana, kitu cha kuchunguza ni ule umbali wa kikomo na lengo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuletea matokeo ya mkakati na kukuomba uweke akiba yako, muulize maswali mawili. Ni biashara ngapi ziligusa kikomo na lengo siku moja? Na faida inabaki kiasi gani zote hizo zikihesabiwa kuwa hasara? Asiyeweza kujibu hayo hajamaliza kupima mkakati wake, na fedha yako isiwe ndiyo ya kumalizia kipimo hicho.